Ujumbe Wenye Sheria Tano

Niliuandika ule ujumbe kwa siku tatu, kwenye kaunta ya saiba, duka la intaneti ninapofanya kazi hapa Ziwani, Nairobi, katikati ya mteja na mteja. Mtu akija nimjazie fomu ya kitambulisho, naiweka simu kifudifudi. Akiondoka na karatasi yake, naigeuza na kufuta sentensi ambayo dakika kumi kabla niliiona nzuri. Ujumbe haukuwa mrefu. Ulikuwa wa kuwaomba wenzangu tuwe na kalenda moja ya marudio na sheria za kundi letu la simu. Lakini niliuogopa kama mtu anayekwenda kumwambia jirani apunguze sauti ya redio.

Nieleze tulivyokuwa. Tulikuwa darasa la jioni, watu thelathini na mmoja, tukisomea stashahada ya maendeleo ya jamii katika chuo kidogo kilicho juu ya maduka, upande wa Kariokor. Wengi wetu tulikuwa watu wazima wenye kazi na watoto. Mimi walinichagua kiongozi wa darasa muhula wa kwanza kwa sababu moja tu: siku ile projekta ilikataa kuwaka, na mimi ndiye niliyeiwasha.

Kundi la simu lilikuwa letu sote, na ndani yake mlikuwa na kila kitu. Asubuhi maombi. Mchana picha za watoto waliovaa gauni la ubatizo. Jioni mtu anauza vitumbua, mwingine anatangaza mchango wa mazishi, wa tatu anacheka peke yake kwa video ya mbuzi. Katikati ya hayo ndipo tulipokuwa tukitafuta ratiba ya mitihani, kama mtu anayetafuta pini sakafuni taa zimezimwa.

Mwaka uliotangulia, mtihani wa takwimu ulihamishwa kutoka alasiri kwenda asubuhi. Nilipewa habari hiyo na ofisi, nikaiandika kundini, nikalala usingizi wangu. Juu ya ujumbe wangu ikaporomoka harusi ya mtu. Pongezi mia mbili na zaidi. Mwenzetu mmoja, mama anayeuza viatu katika soko la Gikomba, alifungua simu jioni, akasogeza kidole hadi akachoka, akalala. Kesho yake alifika chuoni alasiri, amevaa blauzi aliyoipiga pasi, na kalamu mbili mkononi. Sisi tulikuwa tunashuka ngazi.

Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mmeshamaliza?" kisha akaketi kwenye ngazi, akazitazama zile kalamu.

Chuo chetu kilikuwa na sheria yake. Takwimu ilikuwa na mtihani wake kila muhula, na ukianguka mara tatu umekwisha. Mara ya kwanza mama yule alianguka kwa alama chache. Mara ya pili ndiyo hiyo ya kwenye ngazi, ambayo kwa ofisi ilihesabiwa kama ameanguka. Ilibaki moja. Akiikosa, anaanza kozi upya tangu muhula wa kwanza, na alishasema wazi kwamba hataweza. Kituo cha watoto alichokuwa akijitolea kwa miaka kilikuwa kimemwahidi kazi ya ushauri akileta cheti. Nafasi hiyo haikuwa ya kumsubiri mtu milele.

Kwa hiyo nilipokuwa nikiandika na kufuta pale kaunta, ni yeye niliyekuwa nikimwandikia. Mwishowe niliutuma Jumatatu saa saba mchana, nikiwa nimefumba jicho moja. Ulisomeka hivi:

"Wenzangu, hamjambo. Jaribio la takwimu ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mtihani mkuu unafuata. Mnajua kwamba bila alama kumi na mbili za jaribio hakuna anayeruhusiwa kuingia mtihani. Mwaka jana tulipoteza habari muhimu humu ndani na mwenzetu akaumia. Napendekeza mambo mawili. La kwanza, kalenda moja ya marudio. Nimeitengeneza mtandaoni, kiungo kiko hapo chini. Kila siku ina mada moja na mtu mmoja wa kuieleza kwa sauti, dakika tano, saa mbili usiku. La pili, sheria za kundi hadi mtihani uishe. Moja, humu ni masomo tu. Mbili, tarehe zote ziko kwenye kalenda pekee, hazirudiwi kundini, ili tusiwe na tarehe mbili zinazopingana. Tatu, usiulize swali ambalo kalenda imelijibu. Nne, hakuna salamu, pongezi wala kutakiana heri, kiongozi atafuta. Tano, ukiona tangazo, weka alama ya dole gumba ili nijue umeona. Nisahihisheni nilipokosea. Sote tutapita."

Halafu nikasubiri.

Anayejua kusubiri majibu ya kundi anajua ni mateso ya namna gani. Nilibonyeza ujumbe wangu nikaona waliousoma: watu kumi na tisa. Hakuna aliyejibu. Mteja aliniomba nakala tatu nikamtolea sita. Ishirini na mbili wamesoma. Nilianza kuusoma kwa macho yao, na kila sentensi ikawa ya mtu mwenye kiburi. "Kiongozi atafuta." Mimi ni nani wa kufuta maneno ya baba wa watu watano?

Wa kwanza kujibu alikuwa karani wa kaunti, mzee wa darasa kwa umri na kwa mzaha, ambaye hajawahi kuniita kwa jina tangu nichaguliwe.

"Mheshimiwa," aliandika, "je, kukohoa kunaruhusiwa, au nako kuko kwenye kalenda?"

Kundi likalipuka kwa vicheko. Nikajua nimekwisha. Kisha akaandika tena: "Lakini ni kweli. Tulimuacha mama nje kama mzigo. Mimi naunga mkono." Akaweka dole gumba.

Baada ya hapo yakaanza kuingia moja moja, kama matone ya kwanza juu ya mabati. Kufikia jioni madole gumba yalikuwa thelathini, yaani kila mtu isipokuwa mimi. Nilitafuta la mama wa viatu kati ya hayo, nikalikuta. Nikashusha pumzi.

Siku tisa zilizofuata kundi letu lilikuwa na adabu ambayo sikuitarajia. Ikifika saa mbili, mtu wa zamu anatuma sauti yake. Nilimsikia kijana wa duka la simu akieleza sampuli kwa kutumia sufuria ya maharagwe: huhitaji kula sufuria yote kujua kama yameiva, lakini lazima ukoroge kwanza. Nilimsikia karani akieleza jedwali la idadi, kila namba imejitokeza mara ngapi, huku mjukuu wake akilia nyuma. Hakuna aliyecheka vibaya. Na mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni kumwambia mtu "bonyeza hapa, sasa hapa, usiogope, haiwezi kuharibika," nilijiona nimefanikiwa kuwafundisha watu thelathini kutembea mstari mmoja.

Mama wa viatu hakuuliza swali hata moja siku zote hizo. Nililichukua hilo kuwa ni dalili njema. Nilijiambia, ameelewa.

Jumanne ya wiki ya pili mwalimu wa takwimu alinisimamisha kwenye korido. Jumamosi atakuwa akisimamia mtihani chuo kingine. "Jaribio litakuwa Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni," alisema. "Waambie wote. Nikifunga mlango nimefunga."

Nilirudi saiba karibu nikikimbia. Nilifungua kalenda, nikalivuta jaribio kutoka Jumamosi hadi Alhamisi, nikaandika saa na chumba, nikahakikisha mara tatu. Uzuri wa kalenda ya namna hii ni kwamba ukibadilisha mahali pamoja, kila aliyeiweka kwenye simu yake anaona mabadiliko. Kisha nikaandika kundini, kwa kufuata sheria yangu mwenyewe: "Kalenda imebadilishwa leo. Ni muhimu sana. Kila mtu aifungue sasa hivi." Na kiungo chini yake.

Sikutaja Alhamisi. Sheria ya pili ilisema tarehe hazirudiwi kundini.

Madole gumba yakaingia. Nilikuwa na orodha ya darasa kwenye daftari, nikawa nawawekea alama kwa kalamu. La mama lilikuja saa moja kasoro. Nikamwekea alama yake, tena nikaikoleza.

Bado nilikuwa na hofu isiyo na mahali pa kukaa. Jumatano nilifungua orodha ile ya alama mara kwa mara, na kila mara ilikuwa imetimia. Jioni hiyo karani akaandika kundini: "Kesho ndiyo kesho, jamani. Mungu atuvushe."

Nilifikiria kidogo. Sheria ya nne. Ukimwachia mmoja, wataingia kumi na wawili na amina zao, na sauti ya zamu itazama. Nikaufuta ujumbe wake kabla dakika haijaisha. Alinipigia simu akicheka. "Mheshimiwa, hata Mungu umemtoa kundini?" Nikacheka naye. Tukaagana.

Alhamisi saa kumi na moja na robo tulikuwa ndani ya chumba. Nilihesabu vichwa kama kawaida yangu. Ishirini na tisa pamoja nami. Kijana wa duka la simu akaingia akihema. Thelathini. Nikaangalia kiti cha mbele karibu na dirisha, anapopenda kukaa kwa sababu ya macho yake. Kitupu.

Nilitoka kwenye korido nikapiga. Ililia hadi mwisho. Nikapiga tena.

"Kiongozi!" Sauti yake ilikuwa na furaha. Nyuma yake nilisikia mtu wa mkokoteni akiomba njia. "Habari ya jioni? Leo umenikumbuka."

"Mama, uko wapi?"

"Si niko hapa kwa viatu vyangu. Kuna mteja ananisumbua, anataka kushoto arobaini na moja, kulia arobaini na mbili. Kwani kuna nini?"

"Jaribio linaanza. Sasa hivi. Mwalimu anapanda ngazi."

Mkokoteni uliendelea kuomba njia.

"Si ni Jumamosi?"

"Lilihamishwa. Nilibadilisha kalenda Jumanne, nikawaambia mfungue. Uliweka dole gumba."

"Niliweka dole kwa sababu nimeona umeandika," alisema. "Ulisema ukiona weka. Hiyo kalenda, mdogo wangu, haijawahi kufunguka kwangu hata siku moja. Ninanunuaga bando ya kuchatia tu. Nikibonyeza hapo inazunguka, inazunguka, halafu inaniandikia hakuna mtandao."

Kwa watu wasioijua bando hiyo: ni kifurushi cha intaneti cha bei nafuu, kinakupa kundi na sauti na picha zinazotumwa humo, lakini kitu chochote kilicho nje ya hapo hakifunguki. Nusu ya mtaa inaishi nayo. Ninaijua vizuri, wateja wangu huja saiba kwa sababu hiyo hiyo. Lakini simu yangu hushinda kwenye mtandao wa kazini kutwa nzima. Kiungo changu kilifunguka kila nilipokijaribu, na nilikijaribu mara ishirini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si ulikataza maswali?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniingia vile.

"Mama, acha viatu. Kuja."

"Naja," alisema, na simu ikakatika.

Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni na bahasha yake. Nilimwambia kuna mmoja yuko njiani. Aliangalia saa. "Jaribio ni la dakika sitini. Nusu saa ya kwanza ikiisha, mlango haufunguki tena. Ingia, kaa."

Niliketi. Karatasi ilikuja mbele yangu na swali la kwanza lilikuwa la kutafuta wastani, jambo ambalo naweza kulifanya nikiwa nimelala. Nilisoma swali hilo mara nne. Nilikuwa Gikomba. Nilikuwa nikimtafutia njia: atoke kwenye vibanda vya viatu, apite kwa mafundi seremala ambako jioni vitanda na makabati hujaa njiani, avuke barabara pale magari yanapobanana, apande. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye goti bovu. Dakika ishirini akitembea haraka. Na nani atabaki na viatu?

Saa ya ukutani chuoni kwetu ina sauti. Sikuwahi kuisikia kabla ya siku ile.

Dakika ya kumi. Nikaandika jibu la kwanza, nikaligundua ni kosa, nikalikata. Dakika ya kumi na tano. Karani aligeuka akaangalia kile kiti, akaniangalia mimi, akainua nyusi. Dakika ya ishirini. Nilianza kutunga maneno ya kumwambia mkuu wa chuo, barua nzima, kwamba kosa ni langu na si lake, nikijua kabisa kwamba ofisi haina mahali pa kuweka barua kama hiyo. Mwaka jana pia nilikuwa nimeandika.

Dakika ya ishirini na nne nilisimama.

"Mwalimu, naomba kusema. Mwenzetu hakupata habari. Nilitangaza kwa njia ambayo hakuweza kuifungua. Kosa ni langu."

Kalamu zote zilisimama. Mwalimu hakuinua uso kutoka kwenye karatasi zake.

"Kaa chini. Muda unaokwenda ni wako."

Nikakaa, masikio yakiwaka moto. Ndipo tuliposikia ngazi. Si mbio, ila hatua nzito zinazopumzika kila ya tatu, na pumzi ya mtu. Alitokea mlangoni na aproni yake ya kazi bado kiunoni, leso imeteleza kichwani, mkono mmoja umeshika ukuta. Hakuwa na kalamu. Alikuwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto, nadhani alisahau kukiweka chini.

"Hodi," alisema.

Mwalimu aliangalia saa. Sote tuliangalia saa. Ilikuwa dakika ya ishirini na saba.

"Karibu, mama. Una dakika thelathini na tatu. Sitakuongezea hata moja."

Alivuka chumba akaketi mahali pake. Karani akamnyooshea kalamu bila kusema neno, na mwalimu akajifanya anatazama dirishani.

Tulipotoka nilimngoja kwenye korido. Nilikuwa nimeandaa msamaha mrefu. Alinikata mapema.

"Maswali mawili ya mwisho sikuyagusa. Hayo mengine niliyafanya. Nilikuwa namsikia yule kijana wa maharagwe kichwani, na karani na mjukuu wake analia." Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Sijui kama yanatosha. Kumi na mbili kati ya thelathini. Sijui."

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe nikiwa barabarani, ili nisipoteze pumzi." Akavuta leso mahali pake. "Lakini sikiliza nikwambie. Siko peke yangu. Waulize."

Majibu yangetoka Jumatatu. Ilibaki Ijumaa na Jumamosi na Jumapili za kukaa na kumi na mbili ile. Nilihesabu maswali aliyosema ameyafanya, nikayapa alama nilizokumbuka kwenye karatasi, nikapata kumi na saba ikiwa yote ni sahihi. Nikatoa makosa mawili, ikawa kumi na tatu. Nikatoa la tatu, nikaacha kuhesabu.

Jumamosi asubuhi tulikutana darasani kwa marudio. Kabla ya kuanza niliuliza, na nilitamani nisiulize: "Ni nani hapa ambaye kalenda haijawahi kumfungukia? Msione haya. Aliyekosea ni mimi."

Mkono wa mama ukapanda kwanza. Ukafuata wa mwanamke wa kushona nguo, halafu mwingine nyuma. Halafu karani akainua wake, taratibu, akitazama pembeni.

"Wewe?" nilisema. "Si ulijua ni Alhamisi?"

"Nilikutana na kijana wa simu kwenye steji ya matatu, akaniambia. Mheshimiwa, mtu mzima ataanzaje kuandika kwamba hana bando ya kufungua kalenda? Niliona wote mnaweka dole, nikaweka langu."

Mikono kumi na moja. Karibu theluthi ya darasa ilikuwa imejua kwa kuambiana njiani, sokoni, kwenye foleni ya maji. Mama peke yake ndiye hakukutana na mtu wiki ile. Na ile sentensi moja ya kundini ambayo ingemshtua, kesho ndiyo kesho, niliifuta kwa mkono wangu.

Hatukuzitupa sheria. Watu hawakutaka kurudi kwenye mbuzi na harusi. Lakini tulizijadili upya, pamoja, na kila mtu alisema. Mwanamke wa kushona alisema kalenda ibaki, lakini kila ikibadilika niipige picha niitume kundini, maana picha inafunguka kwa bando yoyote, na ujumbe wenye tarehe ubandikwe juu kabisa usishuke. Kijana wa simu akasema tarehe iandikwe kwa maneno na kwa saa, hata kama ni mara kumi. Karani akasema dole gumba liondolewe. "Mtu aandike mwenyewe siku na saa aliyoelewa. Dole hata mjukuu wangu huweka akicheza na simu." Na asiyeandika hadi jioni, mmoja wetu ampigie. Tukagawana namba, kila mtu watatu. Ile sheria ya tatu, ya maswali, niliikata mimi mwenyewe ubaoni tulipoziandika, mistari miwili.

Jumatatu nilifika chuoni kabla ya ofisi kufunguliwa. Walipofungua, walibandika orodha ya wanaoruhusiwa kuingia mtihani ukutani karibu na ngazi: namba za usajili tu, bila majina, bila alama. Nilikuwa nimeiandika namba yake kwenye kiganja. Nilisogeza kidole kutoka juu. Sikuiona. Nikarudia kutoka chini, taratibu, kama ninavyowaambia wateja wasome fomu. Ilikuwa ya tatu kutoka mwisho.

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui tangu saa ngapi.

"Nisomee wewe," alisema. "Macho yangu leo siyaamini."

Nikamsomea, tarakimu moja moja. Aliomba nirudie. Nikarudia. Akaegemea ukuta, mkono kifuani, watu wakipita kati yetu na kutafuta namba zao.

"Haya," alisema hatimaye. "Mtihani ni Ijumaa, saa tatu asubuhi, ukumbi wa chini. Nimesema sawa?"

"Sawa kabisa."

"Na wewe umesoma?"

Kwa wiki mbili nilikuwa nimepanga zamu, nimehesabu madole, nimefuta salamu za watu. Daftari langu la takwimu sikuwa nimelifungua. Kwenye jaribio nadhani niliponea chupuchupu, na mchepuko sanifu, ile hesabu ya namba zinavyotawanyika mbali na wastani, sikuwa nimeuelewa tangu siku ya kwanza.

"Huo mchepuko," nilikiri, "unanitesa."

Alicheka, cheko la kwanza nililolisikia kwake muhula ule, akashuka ngazi mbili akaketi, akapigapiga nafasi ya pembeni yake.

"Kaa hapa. Chukua magunia mawili ya viatu. Ukipiga hesabu, yote mawili wastani wa saizi ni arobaini. La kwanza, viatu ni thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja. La pili, kuna vya watoto na vya majitu. Wewe mwenye duka unanunua lipi?"

"La kwanza."

"Kwa nini, na wastani ni ule ule?"

Nikafikiria, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi bila kuwaza simu. Iliita mfukoni. Nikaiacha iite.

"Kwa sababu," nilianza, na yeye akangoja.